Herufi Moja ya DNA Inavyosababisha Selimundu

Wasilisho la Biolojia, Kidato cha Sita. Dakika 5.

[Slaidi ya 1. Nyamaza kidogo, waisome.]

Mwalimu, na wanafunzi wenzangu, habari za asubuhi. Tazameni mistari hii miwili.

```
Kawaida:    CCT GAG GAG
Selimundu:  CCT GTG GAG
```

Ni kipande cha jeni ya HBB, kwenye kromosomu namba 11. Katikati A imetoka, T imekaa mahali pake. Tofauti ni hiyo tu.

Jeni hii ndiyo inayoelekeza utengenezaji wa mnyororo wa beta wa hemoglobini, wenye asidi amino 146. GAG huleta asidi glutamiki. GTG huleta valini. Ya sita inabadilika, nyingine zote zinabaki vilevile. Vernon Ingram alilithibitisha hili mwaka 1957 kwa kuichunguza protini yenyewe.

[Slaidi ya 2. Hapa nenda polepole.]

Asidi glutamiki ina chaji hasi na hupatana na maji. Valini haina chaji, na huyakwepa maji. Sasa, valini hii imekaa juu ya uso wa molekuli. Hemoglobini ikiwa imebeba oksijeni, hakuna kinachotokea. Ikishaiachia kwenye tishu, umbo lake hubadilika, na kwenye mnyororo wa beta hujitokeza kishimo kinachokwepa maji pia. Valini ya molekuli moja huzama kwenye kishimo cha jirani yake. Jirani naye hunasa mwingine, na mwingine, mpaka zinakuwa nyuzi ndefu ngumu zinazoisukuma chembe nyekundu kutoka ndani na kuipinda.

[Slaidi ya 3: chembe za damu]

Chembe iliyopinda haipiti vizuri kwenye kapilari. Damu ikizibwa, ndipo yanapokuja yale maumivu makali ya mifupa na kifua. Tena chembe hizi huvunjika upesi: ya kawaida huishi siku 120 hivi, hizi siku 10 hadi 20. Upungufu wa damu unatoka hapo.

Mtoto mchanga huonekana mzima kwa sababu bado ana hemoglobini ya tumboni, isiyo na mnyororo wa beta. Ikipungua, karibu na miezi sita, dalili huanza. Wapo wanaosema mtoto amerogwa. Hakurogwa, na mama yake hana kosa. Dawa ya hidroksiyurea husaidia wengi kwa kuirudisha hemoglobini hiyo ya utotoni.

[Slaidi ya 4]

Jeni ya kawaida tuiite A, na ile ya selimundu S. Ugonjwa huja zaidi mtu akirithi S kutoka kwa wazazi wote wawili, yaani akiwa SS. Wazazi wote wawili wakiwa AS, yaani kila mmoja ana A moja na S moja, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto SS. Mwenye AS kwa kawaida haumwi, na ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Anthony Allison alionyesha uhusiano huo Afrika Mashariki mwaka 1954. Ndiyo maana S imeenea sana kwetu, hasa Kanda ya Ziwa.

Asanteni. Nakaribisha maswali.