Bao la simu: toleo la kwanza nimelitupa

Wanaofuatilia mradi huu wataona toleo la majaribio halipo tena. Nimelifuta, naandika upya, bado kwa Godot, injini ya kutengenezea michezo.

Lilichezeka, na kete zilidondoka vizuri. Tatizo lilijitokeza nilipoanza kumtengeneza mpinzani wa kompyuta. Kila shimo kati ya yale 32 lilikuwa kitu cha kwenye skrini, likihesabu kete zake lenyewe, na sheria za kula zilisubiri uhuishaji umalizike. Mpinzani akitaka kufikiri "nikinamua hapa itakuwaje?", ilibidi kete zitembee kweli mbele ya mchezaji! Na bao si mchezo wa hatua moja: kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, mwendo unaendelea, unakula, unarudi kichwani kusambaza tena. Kuna miendo isiyokoma kabisa, kwa hiyo kikomo lazima kiwepo.

Sasa ubao ni namba tupu. Safu ya mbele ya kila mchezaji inaanza hivi, nyumba ikiwa na kete 6, na 22 zikibaki ghalani:

```gdscript
var mbele = [0, 0, 0, 0, 6, 2, 2, 0]
```

Sheria zinapokea ubao na kurudisha ubao mpya. Skrini inachora tu. Kurudisha hatua nyuma kumekuja bure.

Sheria za namua na takata zinafanya kazi. Sheria ya kulala nyumbani bado inanisumbua, awamu ya mtaji itafuata. Picha za mbao nimezibakiza zote, hizo sizigusi.