Maoni ya Msimamizi: Tathmini ya Mwaka ya Muuguzi, Wodi ya Watoto, Julai 2024 hadi Juni 2025

Sista, haya ni maoni yangu kwa malengo manne tuliyokubaliana Julai. Tumeyazungumza ana kwa ana, na hoja zako nimeziweka humu.

Usalama wa dawa. Lengo hili umelivuka. Mwezi Machi, ukiwa zamu ya usiku, alilazwa mtoto wa kilo 9 mwenye malaria kali. Dozi ya atesuneti ilikuwa imeandikwa miligramu 21.6, yaani 2.4 kwa kilo. Ukakumbuka kuwa aliye chini ya kilo 20 hupewa 3 kwa kilo, ukampigia daktari wa zamu kabla hujachanganya dawa, naye akairekebisha kuwa 27. Hukusubiri asubuhi wala hukuogopa cheo. Tangu hapo wenzako wanakuita muhakikishe hesabu pamoja, na mimi nakushukuru kwa hilo.

Kumbukumbu za mgonjwa. Hapa hatujafika. Tulikubaliana chati zijazwe kila kipimo kinapochukuliwa. Kati ya mafaili 20 ya zamu zako niliyopitia Mei, 13 yalikuwa kamili. Agosti yalikuwa 9, kwa hiyo umesogea. Lakini kwenye mafaili matatu, chati ya maji yanayoingia na kutoka ilijazwa usiku mzima kwa mkupuo, kalamu ileile, mkojo uleule kila baada ya saa nne. Daktari wa raundi hupanga dripu kwa kutazama tarakimu hizo. Umenieleza kwamba usiku mmojawapo ulikuwa peke yako na watoto 31. Ni kweli, ratiba inathibitisha, na upungufu huo nimeupeleka kwa Muuguzi Mkuu kwa maandishi. Hata hivyo, kipimo ambacho hakikuchukuliwa kiachwe wazi na sababu iandikwe. Kisikisiwe.

Mawasiliano na wazazi. Unafundisha vizuri: akina mama wanaondoka wakijua kuchanganya ORS na dalili za kumrudisha mtoto. Wodi ikijaa, sauti yako hupanda. Mama mmoja aliniambia aliogopa kukuita dripu ilipovimbisha mkono wa mwanawe. Ulipolisikia hili ulinyamaza, kisha ukaomba kumwona. Nimelichukulia kwa uzito huo.

Kuwaongoza wanafunzi na mafunzo endelevu. Yote mawili yametimia.

Malengo mapya: mafaili 18 kati ya 20 yawe kamili ifikapo Desemba, nitakagua matano kila mwezi tukiwa pamoja, kuzungukia vitanda vyote mwanzoni mwa zamu na kumwambia kila mzazi jina lako na namna ya kukuita, na kuongoza somo la dozi kwa uzito kwa wauguzi wapya mwezi Septemba. Kwa upande wangu, hutapangwa peke yako usiku zaidi ya mara mbili kwa mwezi, na nikishindwa kulitimiza hilo nitakwambia kabla ratiba haijabandikwa.

Kwa jumla: utendaji mzuri, kumbukumbu zinahitaji kuboreshwa.

Muuguzi Kiongozi wa Wodi
27 Juni 2025