Siagi ya mwili ya shea na avoka, chupa ya gramu 150, Bukavu

Ngozi ikikauka kwa vumbi la kiangazi, paka kidogo baada ya kuoga, mwili ungali na unyevu. Inayeyuka mkononi, harufu yake ni ya nta tu.

Viungo, kuanzia kilicho kingi: siagi ya shea ya Uganda, mafuta ya avoka, mafuta ya alizeti, nta ya nyuki, vitamini E. Hatutii zebaki wala haidrokwinoni. Hii haichubui ngozi, inailainisha.

Toleo: BK-014, namba iko chini ya chupa. Ukipata shida, tutajie hiyo.

Ukishafungua, tumia ndani ya miezi 6. Andika tarehe kwenye kifuniko. Haina maji, basi usichovye vidole vyenye maji: ndiyo yanaleta ukungu. Ikinuka kama mafuta yaliyochacha, tupa.

Jaribu kwanza: paka tone ndani ya mkono, karibu na kiwiko, ungoje saa 48. Ikiwasha, ikawa nyekundu au kuvimba, nawa na usiendelee. Mwenye aleji ya glavu za mpira au ya avoka, tafadhali mama, usiijaribu kabisa.

Bei: 12.000 FC. Tunaleta Kadutu, Ibanda na Bagira.