Matangi ya maji kwa zahanati ya kijiji: mpangilio wa wasilisho mbele ya ukoo

Rombo, 27 Desemba, saa 4 asubuhi, uwanjani kwa babu. Dakika 25, kabla ya chakula. Babu mkubwa afungue kwa sala.

1. Hesabu ya mchango uliopita (mweka hazina, dakika 5)
Tuanze hapa, kabla ya kuomba hata senti. Ndugu kadhaa bado wanauliza risiti za barabara ya makaburini, na wana haki. Risiti zote zipitishwe mkononi, shangazi wazishike wenyewe. Baki ni shilingi 1,200,000. Sema wazi kwamba ndiyo inayoanzisha kazi hii. Maswali yajibiwe yote, hata muda ukizidi.

2. Kwa nini maji (mama mdogo, dakika 4)
Asimulie habari ya shemeji yetu aliyejifungua Agosti. Ameridhia, ila jina lisitajwe. Mama mkwe alimfuata na ndoo mbili kichwani na mkononi, kwa sababu bomba la zahanati lilikuwa kavu. Nesi alinawa kwa kikombe. Asiongeze chumvi, yanatosha hayo.

3. Kazi yenyewe (katibu, dakika 6, aje na mchoro)
Paa lina mita 18 kwa 9, yaani mita za mraba 162. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo mvua ya milimita 20 inatupa lita 3,240. Tukitoa zinazopotea, kama 2,600. Mvua nane za namna hiyo zinajaza matangi mawili ya lita 10,000. Zahanati ikitumia ndoo kumi za lita 20 kwa siku, ni siku 100: toka Juni hadi mapema Septemba. Wiki za mwisho kabla ya vuli zitabaki na shida, tusiwafiche. Maji ya mwanzo ya kila mvua yatamwagwa, maana hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa yachemshwe.

4. Fedha (mweka hazina)
Matangi 4,000,000. Msingi wa zege 1,450,000. Mifereji, mabomba na koki 1,350,000. Usafiri 300,000. Dharura 710,000. Jumla 7,810,000, tukitoa baki, tunatafuta 6,610,000.
Kaya 46 kwa 100,000 kila moja ni 4,600,000. Pengo la 2,010,000 tunawaomba wenye uwezo zaidi. Asiye na fedha atoe mchanga, kokoto au siku za kazi, na iandikwe kwenye daftari kama fedha.
Fedha ziende akaunti ya ukoo yenye watia saini watatu, zisipite simu ya mtu yeyote.

5. Ahadi
Wa Dar na Arusha wapigiwe simu papo hapo, spika iwe wazi. Kiasi cha mtu kisisomwe kwa sauti. Wajane na wanafunzi wasione haya. Mwisho wa kulipa ni 31 Januari, fundi aanze msingi Februari, masika ya Machi yakute mifereji imefungwa.