Ukoo wa Mzee Mbwana: ile meseji ya GB 50, na jinsi ya kukagua zitakazokuja

Asalaam aleykum ukoo mzima. Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Hii ni ndefu kidogo, naomba mnisomee mpaka mwisho, na aliye karibu na Bibi amsomee kwa sauti.

Inahusu meseji ya asubuhi, ya GB 50 za bure kwa mitandao yote, mwisho leo saa 6 usiku. Shangazi, uliirusha kwa nia njema, ulitaka na sisi tupate. Asitokee mtu humu wa kumsema Shangazi. Ila GB hizo hazipo, na nitawaonyesha nimejuaje, ili ikija nyingine kila mtu aikague mwenyewe kabla hajaigusa.

Angalieni juu ya meseji yenyewe. Kuna vimshale viwili vimeongozana. WhatsApp huviweka pale ujumbe unapokuwa umeshapita mikono mitano au zaidi. Aliyeuandika Shangazi hamjui, na aliyemtumia Shangazi naye hamjui. Vimshale peke yake si ushahidi wa uongo, maana hata dua za Ijumaa huja navyo. Vinatuambia tu kwamba tusiuamini ujumbe kwa sababu ya sura ya aliyetuletea.

Sasa linki. Hapa naomba mtulie, maana ndipo wengi wanaponaswa. Ilisomeka hivi:

```
vodacom.co.tz.gb50-bure.xyz/zawadi
```

Jicho linakimbilia neno la kwanza, linaona Vodacom, moyo unatulia. Msisome hivyo. Tafuteni mkwaju wa kwanza, huu /, ile miwili ya mwanzoni baada ya https: msiihesabu, halafu rudini nyuma kushoto. Kilichogusana na mkwaju ndicho chenye tovuti, na hapa ni gb50-bure.xyz. Yaliyotangulia yote ni mapambo, mtu yeyote anaweza kuyaandika. Mimi nikipaka rangi ukuta wa kibanda changu nikaandika "Benki Kuu", ukuta ni wangu na maandishi ni yangu, lakini pesa za Benki Kuu hazimo ndani. Ingekuwa yao kweli, mkwaju ungekuja mara tu baada ya vodacom.co.tz. Tena jiulizeni: mtandao gani utagawa bando kwa wateja wa mtandao mwingine? "Mitandao yote" peke yake ilitosha kuniamsha.

Nikaifungua kwenye simu ya akiba ya dukani, isiyo na laini wala picha za mtu. Msifanye hivyo kwenye simu zenu. Ikaniuliza maswali matatu, umri na mambo kama hayo, kisha ikaleta maboksi tisa nichague. La kwanza tupu, la pili GB 50, hongera. Nikatoka, nikaingia upya, nikachagua maboksi mengine kabisa: la kwanza tupu, la pili GB 50. Chini kuna watu wanaoshukuru, "nimepata sasa hivi", dakika 2 zilizopita. Nilirudi baada ya swala ya adhuhuri, watu wale wale, maneno yale yale, bado ni dakika 2 zilizopita.

Kisha ikataka nitume kwa magrupu 12 ili zawadi ifunguke. Nilibonyeza kile kitufe cha kijani, WhatsApp ikafunguka, nikarudi nyuma bila kumtumia mtu yeyote. Mstari ukasogea. Nikarudia mara 12, sijatuma popote, ukajaa wote. Tovuti haina uwezo wa kuona kama umetuma, inahesabu vidole vyako tu. Nilipomaliza ikaniambia nipakue apu "kuthibitisha namba". Hapo ndipo safari yote ilikuwa inaelekea, na ninyi mliotumiwa ndio mliokuwa nauli yake.

Zile za pesa ni kaka yake na hii. Mmezizoea za "ile hela tuma kwenye namba hii", sasa zimegeuzwa: wanadai wao ndio wanaotuma. Shikeni jambo moja ninaloliona kibandani kila siku. Kupokea pesa kwenye simu hakuhitaji namba ya siri. Bibi anatumiwa na Baba Mdogo kutoka Muskati, pesa inaingia Bibi akiwa amelala. Anayekuomba namba ya siri, au tarakimu zilizoingia kwa meseji, au "ada ndogo ya kufungulia", huyo hakutumii, anazitoa zako.

Mwezi uliopita alinijia mama mmoja muuza vitumbua, jirani yangu pale sokoni. Alikuwa amejaza jina na namba yake kwenye linki ya mkopo usio na riba. Baada ya nusu saa akapigiwa simu na kijana mwenye adabu sana, anamwita mama, anamtajia jina lake kamili, anamwambia asome tarakimu zilizoingia. Akasoma, na namba ya siri akaitaja. Shilingi 186,000, na si zake, za kikoba. Aliniwekea simu mezani akawa ananiangalia tu, kana kwamba nina namna ya kuzirudisha. Sikuwa nayo. Ndiyo maana naandika hivi kirefu.

Kwa hiyo ikija nyingine, msiguse linki. Ofa ya kweli ya mtandao wenu mtaikuta kwenye menyu mliyoizoea, ile mnayonunulia bando. Ingieni wenyewe kwa kuandika namba kwa mkono wenu, isipokuwepo humo, achaneni nayo. Au pigeni 100, huduma kwa wateja, muulize. Ikiwa ni pesa za serikali, mjue zina njia yake: kaya za TASAF zinaibuliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, watu wakiwa wamekaa, na mkopo wa halmashauri unaombwa kwa vikundi. Muulizeni mtendaji, ofisi yake mnaijua. Meseji ya kitapeli ya kawaida ikiingia, itumeni kwenda 15040, namba ya TCRA, na namba iliyoituma.

Na haraka ile ya "mwisho leo saa 6 usiku", ichukulieni kama sababu ya kusubiri mpaka kesho.

Kama kuna aliyeshaibonyeza, asinyamaze kwa aibu, aniambie hata pembeni. Kufungua tu ukatoka, mara nyingi hakuna baya. Uliyepakua apu, zima data, ifute hiyo apu, kisha uniletee simu. Uliyetaja namba ya siri, piga 100 sasa hivi kabla ya kumaliza kusoma, na uibadilishe. Uliyejaza namba ya NIDA, bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ukikuta usiyoijua nenda dukani kwa mtandao husika ikafutwe.

Shangazi, bonyeza ile meseji kwa muda mrefu, chagua kufuta kwa wote, bado inakubali leo na kesho. Na ulikoirusha kwingine, grupu la Madrasa na la kina mama wa mtaani, tafadhali wape hii yangu.

Jumapili nakuja kwa Bibi mapema. Nataka niweke ulinzi wa hatua mbili kwenye WhatsApp ya kila mtu, ni dakika tatu kwa simu moja, namba sita utachagua mwenyewe na hata mimi nitageuka pembeni. Mjomba, njoo na ile simu ndogo pia. Zije zikiwa na chaji, umeme wa kule mnaujua.

Halima