Miche Iliyolala

Wiki ile bei ya tenga la nyanya hapa Ilula ilishuka mpaka Sh 7,000. Mwezi uliotangulia baba alikuwa ameuza tenga kama hilo hilo kwa Sh 30,000. Dalali alipita asubuhi, akayatazama matenga yetu 11 yaliyopangwa kivulini chini ya mwembe, akasema atarudi jioni. Jua lilizama, malori ya Dar es Salaam yakapita barabarani yakiwa yameshajaa, na dalali hakuonekana.

Mama hakukaa kulalamika. Alikwenda dukani kwa mguu, akarudi na pakiti nne za chumvi.

"Tumaini, leta visu viwili na beseni kubwa. Hizi zilizoiva sana hazifiki kesho kutwa."

Tulikaa kwenye mkeka sebuleni, taa ya sola juu ya vichwa vyetu. Nilikata kila nyanya vipande vinene kama kidole changu kidogo, mama akavipanga kwenye ungo mkubwa, kila tabaka akalinyunyizia chumvi kidogo kidogo kwa vidole vitatu. Chini ya ungo aliweka sufuria tupu. Nilidhani ameiweka hapo kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Baada ya muda nikaanza kusikia. To. To. To.

Niliinama na tochi. Vipande vya juu, ambavyo nusu saa nzima iliyopita vilikuwa vikavu usoni, vilikuwa vimejaa matone kama mtu aliyetoka kulima mchana. Chumvi nilikuwa siioni tena. Maji ya rangi ya waridi yalikuwa yanachuruzika kupitia kwenye ungo na kudondoka ndani ya sufuria.

"Mama, ni usiku. Hakuna jua. Mbona zinakauka?"

"Chumvi inavuta maji. Wewe ukitengeneza kachumbari hukamui vitunguu kwa chumvi?"

Nilikuwa nimekamua vitunguu kwa chumvi tangu nina miaka saba. Sikuwahi kujiuliza maji yale yanatoka wapi.

Mdogo wangu Baraka, aliyekuwa anataka kusaidia, alichukua nyanya nzima akaizungushia chumvi. Ilikaa pale kavu, punje zikiwa juu ya ganda vile vile. Mama akasema ganda la nyanya ni kama koti la mvua, ndiyo maana lazima ikatwe.

Tulipomaliza, sufuria ilikuwa na maji kama lita mbili. Mama alikuwa ameshaingia kulala. Nikayafikiria yale maji. Ilikuwa Septemba, kisima chetu kilikuwa kimeshuka, na kila ndoo tuliyoibeba tuliibeba kwa kupima. Nyuma ya nyumba baba alikuwa na kitalu cha miche ya nyanya kwa ajili ya msimu unaofuata. Nikaichukua sufuria, nikamwagilia tuta zima la upande wa kushoto, polepole, ili maji yasifukue mizizi. Nililala nikiwa na furaha.

Asubuhi sauti ya baba ndiyo iliyoniamsha.

Miche ya upande wa kulia ilikuwa imesimama. Ya kushoto ilikuwa imelala chini yote, majani yamejikunja, mashina laini kama uzi. Baba alikuwa amechuchumaa, kaingiza kidole kwenye udongo.

"Umelowa," alisema. "Udongo umelowa kabisa, na miche imenyauka kama haijanyweshwa wiki."

Nikawaambia. Nilijua nitapigwa kelele, lakini nikawaambia. Baba alifumba macho, hakusema kitu. Mama ndiye aliyeuliza: "Maji ya kwenye sufuria? Yale ya chumvi?"

Na hapo, nikiwa nimesimama na kanga ya kulalia, nikasikia kichwani sentensi ya daftari langu la baiolojia. Niko kidato cha pili. Sentensi ile niliikariri kwa Kiingereza neno kwa neno, nikaiandika kwenye mtihani, nikapata alama zote. Inahusu maji kutoka kwenye mchanganyiko hafifu kwenda kwenye mchanganyiko mzito kupitia utando. Mpaka asubuhi ile ilikuwa ni maneno tu, kama wimbo wa lugha usiyoijua.

"Ni kitu kile kile," nikasema. "Baba, ni kitu kile kile cha nyanya!"

"Kipi?"

Nilichuchumaa karibu yake. Nikang'oa mche mmoja ulioinama, nikamwonyesha vimizizi vyake vyeupe, vyembamba kuliko unywele. Nikamwambia kwamba mmea wote umejengwa kwa seli, vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila chumba kina utando. Utando huo unaachia maji yapite, lakini chumvi unaizuia. Siku zote ndani ya mzizi kuna vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko kwenye udongo, kwa hiyo maji yanaingia, vyumba vinajaa, mche unasimama. Jana usiku nimeweka chumvi nyingi nje. Maji yakageuza njia. Badala ya kuingia, yametoka.

Baba aliutazama ule mche mkononi mwangu kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo mizizi imekaa ndani ya maji, na inanyonywa."

"Ndiyo, baba. Kama vile vipande kwenye ungo. Na mboga zinazotiwa chumvi haziozi upesi kwa sababu hiyo hiyo: vijidudu vinavyoozesha navyo ni seli, chumvi inavinyang'anya maji."

"Inaitwaje huko shuleni?" mama akauliza.

"Osmosisi."

"Osmosisi," akarudia, kama anayeonja mchuzi. Kisha akaninyooshea ndoo. "Sasa chumvi ikiwa imo kwenye udongo, tunaitoaje?"

Daftari halikuwa na jibu hilo. Nilifikiri. Chumvi inayeyuka kwenye maji. Maji mengi yasiyo na chumvi yakipita kwenye tuta, yataishusha chini kuliko mizizi inapofika. Baba akachukua jembe akachimba mfereji mwembamba pembeni ili maji yapate pa kutokea mbali na tuta la kulia. Mimi na Baraka tulikwenda kisimani mara sita, ndoo mbili mbili, na kila ndoo nilipoimwaga niliona aibu, kwani ndiyo maji niliyokuwa najaribu kuyaokoa. Mama akafunika tuta kwa nyasi, jua lisiinyonye miche kutoka juu wakati mizizi bado imechoka.

Zile nyanya tulizianika kwenye kichanja, tukazifunika kwa kipande cha chandarua kwa ajili ya nzi, tukizigeuza asubuhi na mchana na kuziingiza ndani kila jioni umande usizishike. Siku ya nne zilikuwa nyekundu iliyokolea, zinakunjika kama ngozi ya mkanda bila kutoa hata tone. Tenga zima, zaidi ya kilo 40, lilienea kwenye ndoo moja ndogo yenye mfuniko. Mama alipima dukani: kilo tatu na robo. Nyingine zote zilikuwa maji.

Jioni ile nilikwenda kitaluni na kuinua nyasi. Niliinama mpaka magoti yakagusa udongo, nikahesabu kwa sauti huku Baraka akiweka kijiwe kwa kila kumi. Miche 260 ilikuwa imelala. Iliyosimama sasa ilikuwa 171, na mingine mitatu ilikuwa imeinua shingo nusu, jani moja moja, ikitazama upande wa barabara.

"Tuihesabu hiyo?" Baraka akauliza, kijiwe mkononi.

"Subiri kesho," nikamwambia, nikaenda kuchota ndoo nyingine.