Maneno mafupi kwa Tumaini akitimiza miaka 40

Wazee wangu shikamooni, na wengine hamjambo? Nimepewa dakika moja. Aliyenipangia ni mwenye sherehe mwenyewe, mnamjua!

Tumaini, tumejuana tukiuza viazi Mwanjelwa, meza kwa meza. Mteja akiniomba nipunguze bei, wewe ndiye unayemjibu! Ukishamgombeza, unamwongezea viazi viwili, tena kutoka kwenye ndoo yangu.

Lakini jamani, hili lazima niliseme. Juni ile nilipojifungua, baridi ya Uyole inaingia mpaka kwenye mifupa, aliyegonga mlango alfajiri ni huyu. Masweta mawili mwilini, soksi za mume wake miguuni, chupa ya uji mkononi. Akavua sweta moja, akamfunika mwanangu. Hakulidai tena. Mtoto mwenyewe yule pale, ana miaka 9, na sweta bado tunalo.

Shemeji, zile soksi ulizotafuta wiki nzima, nazo ziko kwangu.

Rafiki yangu, nakupenda sana. Mungu akupe afya na miaka mingi. Haya, simameni tumwimbie, chai isije ikapoa!